Fremu nimeipata ila akiba yote inaishia humo, nifanyeje?

Shikamoo dada. Mi natembeza vifaa vya simu, chaja, waya, makava, protekta na hedifoni, ni miaka sasa na kusema ukweli miguu imechoka na kufukuzwa fukuzwa pia kumenichosha. Nimepata fremu barabarani kabisa na naitaka. Ili hesabu iwe rahisi tuseme mauzo yangu ya siku ya kawaida ni 100. Kwenye hiyo 100, 70 inarudi kununua mzigo, 5 inaenda na nauli, 25 ndo yangu na familia. Begi langu likijaa lina mzigo wa kama 200 kwa bei ya kununulia. Mwenye fremu anataka 200 kwa mwezi, miezi 6 kwa mkupuo, pamoja na amana ya mwezi mmoja. Fundi wa shelfu, kaunta ya kioo na rangi ameniambia 600. Akiba yangu ni 2,000, yani inatosha kila kitu kabisa na begi langu nabaki nalo. Rafiki zangu wananiambia nisaini haraka fremu isichukuliwe, ila mke wangu ananiambia nitulie kwanza. Nataka kujua nikiingia dukani ni gharama gani na majukumu gani yanabadilika ambayo sasa hivi siyaoni?

Marahaba mdogo wangu. Msikilize mkeo, usisaini wiki hii. Duka siyo wazo baya hata kidogo, ila kwa mpango huo utafungua fremu nzuri yenye kaunta ya kioo na ndani kuna mzigo wa begi moja, na hapo ndo watu wengi wanaotoka barabarani wanapoanguka. Wanadhani adui ni pango, kumbe ni mzigo, kwahiyo acha nianzie hapo maana hapo ndo pana mambo.

Sasa hivi begi lako linaisha ndani ya siku tatu hivi na unalijaza tena, ile pesa ya mtaji inazunguka mara nyingi sana kwa mwezi mmoja. Na inazunguka hivyo kwa sababu we ndo unayechagua ubebe nini, unabeba kinachotoka tu, na mteja wako ananunua alichokiona mkononi mwako, hakuwa amepanga, ameona chaja akakumbuka yake imekufa. Mteja wa dukani ni mtu mwingine kabisa. Yeye ametoka kwake na kitu kichwani, anataka kava la simu yake yeye, modeli hiyo hiyo, na ikiwezekana jeusi, ukimwambia halipo anaondoka na mara ya pili hapiti kwako. Kwahiyo unajikuta unanunua makava ya modeli nyingi, kila modeli rangi mbili tatu, na hapo baadhi yatauzwa kesho na mengine yatakaa mpaka hiyo simu yenyewe watu waache kuitumia. Kava la simu iliyopitwa na wakati halina mnunuzi kwa bei yoyote, hiyo ni pesa yako imening'inia ukutani.

Iweke kwenye namba. Ukiuza 100 kwa siku, bidhaa zinazotoka ni za 70 kwa bei ya kununulia. Mzigo wa dukani ukikaa wastani wa mwezi mmoja kabla haujatoka, na mwezi una siku 26 za kazi, inabidi shelfu ziwe na mzigo wa 1,820 ili uuze kile kile unachouza leo na begi la 200. Mtaji mara tisa kwa mauzo yale yale. Sikwambii uwe nao wote siku ya kwanza, unaweza ukaanza na vile vinavyotoka haraka, chaja, waya, protekta za zile simu ambazo kila mtu anazo, na mzigo wa wiki mbili yani kama 840 ukakusogeza. Lakini 200 haiwezi. Duka linaloonekana tupu watu wanaliogopa, wanahisi linafungwa au bei ni kubwa.

Sasa twende kwenye gharama za mlango, hivi ndo naviita, yani vile utakavyolipa hata kama hakuna mtu aliyeingia siku nzima. Ukitembeza, gharama yako ni nauli, na siku unayoumwa ukilala hulipi kitu. Duka halilali. Chukua pango 200, weka 50 ya umeme, mlinzi, taka na nauli ya kufuata mzigo, weka 20 ya leseni na kodi ya serikali ukiigawa kwa miezi, weka 25 ya zile shelfu za 600 ukizigawa kwa miaka miwili maana zitachakaa na utazibadilisha, halafu weka 150 ya kijana wa kukusaidia kwa sababu huwezi kuwa dukani na sokoni kwa wakati mmoja. Hizo za umeme, leseni na kijana nimekadiria tu, we nenda kaulize za kwako halafu uziweke mahali pake. Jumla ni 445 kwa mwezi, gawanya kwa siku 26 unapata kama 17 kwa siku.

Hiyo 17 inatoka kwenye faida, haitoki kwenye mauzo, na hapa wengi wanachanganya. Faida yako ni 30 kwenye kila 100, kwahiyo ili mlango ujilipe wenyewe unatakiwa uuze 57 kwa siku, na hapo mfukoni mwako haijaingia hata senti. Ukitaka na ile 25 ya nyumbani iendelee kuja, faida inayotakiwa ni 42 na mauzo yake ni 140. Yani unatakiwa uuze karibu mara moja na nusu ya unavyouza leo ili ubaki na maisha yale yale. Ukimtoa kijana inashuka mpaka kama 121, ila kila ukienda kufuata mzigo duka linafungwa, na mteja akikuta mlango umefungwa mara mbili amekufuta.

Na hiyo 30 yenyewe nina wasiwasi nayo. Barabarani ukiuza chaja ikafa kesho yake mteja hakupati. Dukani anakuja nayo asubuhi, amesimama kaunta na wateja wengine wanasikiliza, na utambadilishia tu maana ni haki yake na jina la duka ni lako. Wateja wa karibu watakujua jina na wataanza kuchukua kwa mkopo, jirani, fundi wa pembeni, dada wa duka la mbele. Ukijumlisha vilivyorudishwa, madeni yasiyolipwa na makava yaliyokufa, 30 inageuka 25 bila we kuona, na faida ikiwa 25 yale mauzo ya 140 yanapanda mpaka 168. Dawa ya sehemu hiyo ni mbili. Kabla hujanunua chaja kwa jumla muulize muuzaji kama anabadilisha mbovu na ndani ya siku ngapi, akikubali aandike kwenye risiti, na we mteja wako umpe siku pungufu ya hizo. Na kwenye mkopo jiwekee kikomo, jumla ya madeni yote isizidi faida ya siku mbili, ikifika hapo hakuna mkopo mpya mpaka wa zamani walipe, hata awe nani.

Kitu kingine ni miezi ya mwanzo. Leo we unawafuata wateja walipo, stendi asubuhi, maofisini mchana, jioni watu wakirudi. Duka litasubiri waje, na hawajui kama upo. Tuseme ukianza unauza 70 kwa siku, mi naona hiyo ni kawaida kabisa. Faida ni 21, toa 17 ya mlango inabaki 4, na nyumbani wanahitaji 25. Kila siku unapungukiwa 21, kwa mwezi ni kama 546, na kama huna akiba pembeni itatoka kwenye mzigo. Hakuna siku utakayoamua kula mtaji, inatokea tu, umeuza hedifoni tatu umenunua mbili, wiki ijayo umenunua moja, shelfu zinaanza kuwa na nafasi, wateja wanakosa vitu, mauzo yanashuka tena. Utaligundua mapema ukifanya hivi: siku moja kila wiki, siku ile ile, hesabu mzigo wote kwa bei ya kununulia, jumlisha pesa taslimu na iliyopo kwenye simu ya biashara, toa unachodaiwa na watu wa jumla. Namba hiyo iandike. Ikishuka wiki tatu mfululizo basi duka linakula mtaji hata kama droo inaonekana ina hela kila jioni. Na droo siyo mfuko wako, jilipe ile 25 yako kwa siku au kwa wiki, ijulikane, iandikwe.

Kwenye majukumu, jambo kubwa linalobadilika ni kwamba sasa una anwani. Sheria zinatofautiana sehemu na sehemu, kwahiyo nenda ofisi ya biashara ya halmashauri yako na ofisi ya kodi kabla hujalipa pango, siyo baada. Waulize kitu kimoja kimoja: leseni ya biashara ya aina hii ni kiasi gani na inaisha lini, kuna ada ya bango (watu wengi hawajui kama bango nalo mara nyingi linalipiwa), kuna ada ya taka na ukaguzi wa zimamoto, nasajiliwa vipi kwa kodi ya mapato na nalipa kwa awamu tarehe gani, natakiwa kutoa risiti ya aina gani. Uliza hasa kama kodi yako inapigwa kwenye mauzo au kwenye faida, kwa sababu tofauti yake ni kubwa sana kwako. Ikipigwa kwenye mauzo utalipa hata mwezi uliopata hasara, kwahiyo iingize kwenye gharama za mlango. Ikipigwa kwenye faida basi kila karatasi ya manunuzi, ya pango na ya umeme ni pesa, maana usipokuwa na risiti ile gharama hawaitambui na wanakuhesabia kama vile ulipata mzigo bure. Barabarani ulikuwa unanunua kwa jumla bila kudai risiti kwa sababu hukuihitaji, dukani anza kuidai kila mara, na kama muuzaji wako hatoi anza kutafuta mwingine taratibu. Daftari la kawaida linatosha kuanzia, mauzo ya siku, manunuzi, matumizi, madeni, ila liandikwe kila jioni, siyo kukumbuka Jumapili. Na ukimwajiri huyo kijana uliza na michango ya mfanyakazi, mkataba wake uwe wa maandishi hata kama ni ndugu yako.

Kwa mwenye fremu nako kuna kazi. Hakikisha anayechukua pesa ndo mwenye haki ya kupangisha, siyo mpangaji mwenzako anayekuachia na kudai kilemba. Mita ya umeme iangalie kama ni ya peke yako na haina deni la aliyepita. Mkataba useme pango litapanda lini na kwa kiasi gani, notisi ni miezi mingapi kwa kila upande, amana inarudi ndani ya muda gani. Tena hizo shelfu za 600 usizipigilie ukutani, mikataba mingi inasema kilichoungwa na jengo kinabaki, tengeneza za kusimama zenyewe ambazo ukihama unaondoka nazo, na bei yake itashuka pia. Halafu muulize jirani, siyo mwenye nyumba, aliyekuwepo humo alikuwa anauza nini na kwa nini aliondoka.

Fremu kuwa barabarani bado hakuniambii kitu. Watu wanaopita mbio kuwahi gari hawasimami, na upande mmoja wa barabara unaweza ukauza na wa pili usiuze kwa sababu tu watu wanashuka upande ule. Lakini we una kitu ambacho mwenye mtaji mkubwa hana, unaweza kuijaribu hiyo sehemu bila kulipa pango. Kwa wiki mbili simama na begi lako pale karibu na fremu, panaporuhusiwa kusimama, asubuhi siku moja, mchana siku nyingine, jioni, mwisho wa mwezi na katikati ya mwezi kama unaweza, halafu andika umeuza kiasi gani bila kutembea. Hiyo ndo namba ya kuanzia. Ukisimama pale unauza 90 basi kuna matumaini ya kweli, ukiuza 40 basi hata kioo kikae cha namna gani hakitaleta 140. Na andika pia walichokuulizia ukawa huna, hiyo ndo orodha ya mzigo wako wa kwanza na itakuokoa kwenye makava ya kukaa.

Sasa ningekuwa we ningefanyaje na hiyo 2,000. Ningemtafuta fundi simu tugawane fremu. Siyo mtu yeyote tu, fundi simu, kwa sababu anayekuja kubadilisha kioo anahitaji protekta na kava muda ule ule, na anayenunua chaja kwako ikagundulika tatizo ni sehemu ya kuchajia kwenye simu anahamia upande wa pili wa kaunta. Pango kwako linakuwa 100. Mwombe mwenye fremu miezi 3 badala ya 6, hapo unalipa 300 na amana yako 100, shelfu za kusimama na meza ya kawaida tuseme 200, jumla 600. Inabaki 1,400. Weka 800 kwenye mzigo pamoja na begi lako la 200 inakuwa 1,000, duka linaonekana lina vitu. Ile 600 iliyobaki usiiguse, hiyo ni ya miezi ya mwanzo.

Angalia gharama za mlango zilivyokuwa: pango 100, umeme na mlinzi na nauli 25, leseni na kodi 20, shelfu kama 8, jumla 153 kwa mwezi, ni 6 kwa siku. Kijana humhitaji kwa kuanzia kwa sababu ukienda sokoni fundi yupo, mlango uko wazi. Sasa ili mlango ujilipe na nyumbani wapate 25 yao unatakiwa uuze kama 103 kwa siku, ambayo ni pale pale ulipo leo. Na ukianza na 70 unapungukiwa kama 10 kwa siku, 260 kwa mwezi, ile 600 inakubeba zaidi ya miezi miwili bila kugusa mzigo. Ukiongeza na kutembeza saa zile ambazo duka limepoa, kama alfajiri stendi, pengo linapungua zaidi, na kila unayemuuzia huko mpe karatasi ndogo au umtumie kwenye watsapu duka liko wapi, wale wateja wa miaka yote ni mtaji wako pia.

Mkigawana andikeni mapema, na mwenye fremu akubali kwa maandishi kwamba mko wawili, la sivyo siku mkigombana au akiamua tu anakutoa we kwa sababu jina lako halipo. Ulizia kama kila mmoja anatakiwa awe na leseni yake hata mkiwa chumba kimoja. Droo mbili, kila mtu na yake, namba ya simu ya malipo kila mtu na yake. Fundi akikuuzia kitu wakati haupo aandike kwenye daftari pale pale, mkubaliane anapata kiasi gani kwa kila alichouza ili awe na sababu ya kukuuzia vizuri. Na mkubaliane nani anabaki na chumba mwenzake akiondoka, na yule anayeondoka anarudishiwa amana yake na nani.

Mwenye fremu akikataa miezi 3, mwambie utalipa miezi 4 ila pango lisipande mwaka mzima, wenye nyumba wengi wanalainika kwenye hilo kuliko kwenye kupunguza bei. Akikomaa na 6, mkiwa wawili upande wako ni 600, unaweza, ila mzigo utapungua mpaka 500 na begi lako, kwahiyo hapo anza na chaja, waya na protekta tu, makava weka yale uliyoyaandika watu wameyaulizia mara mbili na zaidi.